Laini imekufa ghafla: jinsi ya kujua kama namba yako imechukuliwa, na la kufanya kwanza

Kila mara kuna anayeingia dukani hapa Langoni, simu mkononi, na swali lile lile: "Mtandao umeondoka tangu asubuhi. Ni kadi, ni simu, au ndiyo nimeshaibiwa?" Nimechoka kulijibu mmoja mmoja, basi nimeliandika.

Swali hili kwetu Lamu ni gumu kuliko kwa wenzetu wa mijini, kwa sababu mtandao wenyewe una mazoea ya kuondoka. Ukivuka maji kwenda Pate, ukielekea Kiunga, au ukiwa kwenye basi kati ya Garsen na Witu, simu kukosa mtandao si habari. Tunasema "utarudi tu" na kuendelea na mambo yetu. Tapeli anaufahamu huo upole wetu, na ndio anaoutumia. Kwa hivyo mwongozo huu unahusu saa ya kwanza tu: kutambua mapema, halafu kufunga milango kwa mpangilio unaofaa.

Kwanza, kinachotokea ni nini

Kuswapu laini ni huduma halali. Kadi ikianguka baharini, kampuni huihamisha namba yako kwenye kadi mpya, na ile ya zamani hufa. Tapeli hufanya jambo hilo hilo kwa jina lako. Ana jina lako kamili na namba ya kitambulisho chako, na ama amempata mhudumu wa kumsaidia au amemdanganya. Kadi yake ikiamka, yako inalala. Tangu hapo simu zako na ujumbe wako, pamoja na zile namba za uthibitisho zinazotumwa na benki, vinamfikia yeye.

Zingatia kwamba simu yako hakuigusa. Picha na mazungumzo yaliyomo bado yako salama. Kilichochukuliwa ni namba.

Pini ya M-Pesa pia haiji pamoja na kadi. Hiyo lazima aitafute. Wengine huibahatisha kwa mwaka wa kuzaliwa, ambao umeandikwa kwenye kitambulisho. Wengine huwa walishakupigia siku za nyuma wakijifanya wa kampuni, na wewe ukaitaja. Wengine hupiga huduma kwa wateja wakitumia laini yako na kudai wameisahau. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa, wakati mwingine zaidi, na dakika hizo ndizo zako.

Vitu vya kuwa navyo

Vitayarishe leo, laini ikiwa hai.

- Kitambulisho chako halisi. Picha iliyo ndani ya simu haitoshi dukani.
- Mtu wa karibu mwenye laini ya mtandao huo huo. Laini yako ikiwa ya Safaricom, mtafute wa Safaricom. Ikiwa ya Airtel, mtafute wa Airtel. Namba fupi ya huduma kwa wateja hukupeleka kwa kampuni ya laini unayopigia, si ya laini iliyokufa.
- Namba ya simu ya benki yako, iandikwe kwenye karatasi. Iko nyuma ya kadi ya benki. Usiitafute mtandaoni siku ya msiba. Namba bandia ziko nyingi.
- Kumbukumbu ya miamala yako miwili mitatu ya karibuni: ulimtumia nani, kiasi gani. Utaulizwa.
- Mahali penye waifai, au mtu wa kukugawia bando.

Hatua za kutambua: usizidishe dakika tano

1. Soma maneno yaliyo kwenye skrini. Watu huniambia "haina mtandao" bila kusoma simu yenyewe inasema nini. Ikiandika "No SIM" au "Insert SIM", simu haiioni kadi kabisa. Hapo shida mara nyingi ni kadi iliyosogea, chumvi na kutu kwenye tundu, au kadi iliyochakaa. Itoe, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe.

Ikiandika "No service", "Emergency calls only", "SOS" au "SIM not provisioned", habari ni nyingine. Kadi inaonekana ila mtandao haukubali kuipokea. Huenda minara iko chini, huenda laini imefungwa, au huenda namba imehamia kwingine. Zima simu na uiwashe mara moja, mara moja tu, kisha uende hatua ya pili.

2. Jilinganishe na aliye kando yako. Muulize mwenye mtandao kama wako: "Wewe unapata?" Ikiwa mtaa mzima umekosa, ni mnara. Tulia, lakini endelea kuchungulia. Ikiwa yeye ana mtandao kamili nanyi mmekaa baraza moja, hofu inaanza kuwa na msingi. Kama una simu nyingine, tia kadi yako humo. Ikikataa na huko pia, simu yako haina kosa.

3. Jipigie mwenyewe kwa simu ya mwenzako. Hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote. Simu yako imekufa mkononi, lakini namba yako inaita au mtu anaipokea? Namba imechukuliwa, huna haja ya kipimo kingine. Usizungumze na aliyepokea wala usimtukane. Kata, nenda hatua ya nne.

Ukiambiwa mteja hapatikani, jibu hilo halikupi salama wala hatari. Matapeli wengi huiwasha kadi pale tu wanapoihitaji, na hawapokei simu ya mtu. Hapo nenda kwa dalili za pembeni. Je, siku moja mbili zilizopita ulipokea ujumbe wa kampuni kwamba kuna ombi la kubadilisha laini? Ulipigiwa na "mhudumu" akitaka namba ya kitambulisho au pini? Ulisumbuliwa na simu zisizoisha mpaka ukaamua kuizima? Hilo la mwisho hufanywa makusudi, ili usiione laini ikikatika. Je, ulitumiwa pesa kidogo au kredito na mtu usiyemjua, au ukabipiwa na namba ngeni nawe ukaipigia? Anayefanya hivyo huwa anataka kujua mwenyewe muamala wako wa mwisho na namba uliyoipigia, ili akiulizwa maswali ya kuthibitisha awe na majibu.

Dalili moja kati ya hizi, na jirani ana mtandao wewe huna: ichukulie kwamba umeibiwa. Ukikosea, hasara yako ni nusu saa na safari ya kwenda kufunguliwa laini.

Hatua za kufunga: fuata mpangilio

4. Piga huduma kwa wateja, funga laini na M-Pesa. Kwa Safaricom piga 100, au 234 ambayo ni ya M-Pesa. Kwa Airtel piga 100 ukiwa kwenye laini ya Airtel. Ukimpata mhudumu, usianze na hadithi ndefu. Sema hivi:

"Namba yangu ni fulani. Imeswapiwa bila idhini yangu. Naomba uisimamishe laini na akaunti ya M-Pesa sasa hivi, halafu uniulize maswali."

Atakuuliza jina kamili, namba ya kitambulisho na miamala ya karibuni. Hawezi kukuuliza pini. Ukiulizwa pini, hujampata mhudumu wa kweli. Akishafunga, muulize mambo mawili: laini iliswapiwa lini na saa ngapi, na malalamiko yako yana namba gani ya kumbukumbu. Yaandike, pamoja na saa uliyopiga. Hiyo saa itakuja kuwa na thamani, kwa sababu pesa iliyotoka baada ya wewe kutoa taarifa si sawa na iliyotoka kabla.

Makosa ninayoyaona hapa ni matatu. La kwanza ni kumkimbilia wakala wa M-Pesa. Wakala hana uwezo wa kufunga akaunti yako. Mwombe simu yake upige 100, basi. La pili ni kuhangaika kurudisha pesa kwa kutuma ujumbe kwenda 456. Huduma hiyo ni ya mtu aliyetuma pesa kimakosa, na hutumika kutoka laini yake mwenyewe, nayo laini yako sasa haiko nawe. La tatu ni kulalamika kwenye mitandao ya kijamii. Chini ya malalamiko yako watajitokeza "wahudumu" wenye nembo ya kampuni wakikuomba namba na kitambulisho. Hao ni kundi lile lile, au ndugu zao.

5. Piga benki. Kama uko na mtu, mgawane: wewe ukingoja kwenye 100, yeye apige benki kwa simu nyingine, nawe uzungumze zamu ikifika. Omba huduma ya benki kwa simu ifungwe, na kadi isimamishwe. Kuna benki ambazo mfumo wao hutambua kadi ya simu imebadilishwa na kuizuia huduma mpaka ufike tawini, lakini usijitegemeze kwa hilo. Kama una benki mbili, piga zote mbili. Hata ile yenye shilingi mia tano, maana inaweza kutumika kuombea mkopo.

*Tuone inavyokwenda kwa hesabu*

Mfano huu nimeutunga, ila mwendo wake ndio wenyewe. Mchukue mama anayenunua samaki kwa wavuvi wa Kizingitini na kuwauzia hoteli za Shela. Kwenye M-Pesa ana shilingi 62,000, za kulipia mzigo wa jioni. Kwenye M-Shwari ameweka 35,000. Fuliza yake ina kikomo cha 12,000. Pini yake ni mwaka aliozaliwa.

Saa tano na dakika kumi asubuhi laini inakatika. Tapeli anaingiza mwaka wa kuzaliwa, anaingia. Muamala mmoja wa M-Pesa unaweza kufika hadi 250,000, kwa hivyo hana haja ya kuzigawa; lakini anazituma kwa namba mbili, 40,000 na 22,000, ili zitolewe kwa mawakala wawili kwa pamoja. Kisha anazihamisha zile 35,000 kutoka M-Shwari kuja M-Pesa, anazituma. Mwisho, akaunti ikiwa tupu, anatuma tena na Fuliza inamjazia 12,000. Jumla ni 109,000, na katika hizo 12,000 ni deni ambalo yule mama atadaiwa yeye, pamoja na makato yake.

Sasa tuseme saa tano na ishirini alijilinganisha na msichana wake, akajipigia, akasikia inaita, akapiga 234 na akaunti ikafungwa. Kufikia hapo zile 62,000 zimeshatoka. Lakini 35,000 za M-Shwari na Fuliza hazijaguswa: shilingi 47,000 zimenusurika. Na katika zile 62,000, chochote ambacho bado kimelala kwenye akaunti ya aliyepokea kinaweza kuzuiwa kikiripotiwa mapema. Kilichokwisha kutolewa mkononi hakizuiliki. Angesema "utarudi tu", akaswali adhuhuri, akala, akaja kuangalia saa saba, pasingebaki kitu cha kuzuia.

Ndiyo maana natia mkazo M-Pesa na akiba zake mbele ya kila kitu. Watu hukumbuka salio, wakasahau akiba na mikopo iliyofungamana na namba hiyo hiyo. Mweka hazina wa chama ndiye wa kuogopewa zaidi: namba yake ikienda, imekwenda na ya watu ishirini. Ukiwa ndiwe, mpigie mwenyekiti kabla hata hujampigia mumeo.

6. Linda barua pepe na WhatsApp, na usijitoe. Unganisha simu yako na waifai. Ukiona WhatsApp bado inafanya kazi, usiifute wala usiiweke upya. Watu hufanya hivyo wakidhani wanaitengeneza. WhatsApp hudumu kwenye simu yako mpaka mtu aisajili kwingine. Ukiifuta, namba ya uthibitisho ya kuirudisha itatumwa kwa kadi ya tapeli. Badala yake ingia "Settings", kisha "Account", kisha "Two-step verification", uweke pini ya tarakimu sita. Tapeli akija kusajili, atakuwa na namba ya uthibitisho lakini ataulizwa na pini hiyo, ambayo hana.

Kwa Gmail ni vivyo hivyo. Ukiwa bado uko ndani, badilisha paswadi na uondoe namba hiyo kwenye njia za kurejesha akaunti. Usitoke kwanza, kwa sababu kurudi ndani kunaweza kuhitaji ujumbe unaokwenda kwa namba iliyoibiwa. Programu ya benki nayo iache ilivyo.

7. Wape habari watu wanaokuamini. Si dunia nzima. Wale ambao ukiwaambia "nitumie elfu tano nitarudisha jioni" wangetuma bila kuuliza: ndugu, wateja wakubwa, jamaa walio Mombasa na Uarabuni. Tumia simu ya mtu na sauti yako. Ujumbe wa maandishi kutoka namba ngeni hawatauamini, na ni vyema wasiuamini.

8. Nenda duka la kampuni mwenyewe, na kitambulisho halisi. Kabla hujapanda boti, muulize mhudumu wa 100 duka lipi liko wazi muda huo. Kuvuka mpaka Mokowe au kusafiri hadi Malindi ukakuta pamefungwa ni nauli na mchana umepotea. Usimtume kijana wako; namba ni yako, uso ni wako.

Ukifika, eleza kwamba unarudisha laini iliyoswapiwa bila idhini, si laini iliyopotea. Tofauti hii ni muhimu. Ukisema imepotea, utapewa kadi mpya na kazi imekwisha. Ukisema imeibiwa kwa swapu, lazima suala liandikwe na lichunguzwe. Omba waandike tarehe, saa na mahali swapu ilipofanyiwa.

9. Polisi. Andikisha kwenye kituo na uondoke na namba ya OB. Bila hiyo, benki na kampuni ya simu watakuzungusha. Peleka karatasi yenye saa ulizoandika, namba zilizopokea pesa kama unazijua, na namba ya malalamiko ya kampuni. Kosa hili liko chini ya sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, na wanaolishughulikia hasa ni makachero wa DCI. Laini yao ya bure ya kupokea taarifa ni 0800 722 203. Namba za simu za matapeli unaweza pia kuzituma kwa ujumbe kwenda 333 kwa Safaricom, bila malipo.

Sikufichi, pesa chache hurudi kwa njia ya polisi. Lakini mkopo uliochukuliwa kwa jina lako hautafutwa bila hiyo namba ya OB, na hilo peke yake linatosha kukupeleka kituoni.

10. Laini ikirudi, usishangilie bado. Fanya haya ukiwa bado dukani:

Badilisha pini ya M-Pesa, isiwe mwaka wala tarakimu zozote zilizo kwenye kitambulisho. Omba taarifa ya miamala, uipitie mstari kwa mstari. Angalia M-Shwari, KCB M-Pesa, Fuliza na Hustler Fund kama kuna mkopo usioujua. Ukiukuta, uripoti hapo hapo kabla haujaanza kuhesabiwa kuwa umechelewa. Kisha piga hizi:

```
*106#
*#21#
##002#
```

Ya kwanza inakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, mwonyeshe mhudumu. Ya pili inakuambia kama simu zako zinaelekezwa kwa namba nyingine, na ya tatu inafuta maelekezo yote hayo. Kisha fungua benki moja baada ya nyingine, ukianza na kubadilisha pini.

Ukikwama

*Huduma kwa wateja haipokelewi.* Usikate kila dakika ukaanza upya. Iache isubiri, na mtu wa pili apige 234 kwa simu nyingine. Wakati huo wewe shughulika na benki na WhatsApp.

*Majibu yangu hayakubaliki.* Hii hutokea sana kwa sababu laini imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine: mume, kaka, au kijana aliyekuwa akiuza kadi kando ya barabara miaka ile. Mwenye jina ndiye anayetakiwa kuzungumza na kufika dukani. Kama uko kwenye hali hii na laini yako ni nzima, nenda ukaibadilishe jina wiki hii.

*WhatsApp tayari imechukuliwa.* Laini ikirudi, isajili upya. Ukiingiza namba ya uthibitisho, tapeli anatolewa papo hapo. Ikiwa ameweka pini yake ya tarakimu sita, utangoja siku saba ndipo uingie bila hiyo pini, lakini naye huwa ameshatoka.

*Mtandao umerudi wenyewe, nami nimeshafunga kila kitu.* Piga 100 kabla ya kuomba kufunguliwa, uulize kama kulikuwa na swapu yoyote leo. Jibu likiwa hapana, ilikuwa mnara. Fungua, uendelee.

*Nimeweka pini ya kadi, mbona wameweza?* Pini ya kadi inamzuia aliyeiokota simu yako asiitumie kadi hiyo. Haizuii namba kuhamishiwa kadi nyingine. Kwa laini ya Safaricom, kinachozuia hilo ni hiki:

```
*100*100#
```

Ukishajisajili hapo, laini yako haiwezi kuswapiwa ila kwenye duka la kampuni lenyewe. Hili lina gharama yake kwa watu wa huku. Ukiwa Kiunga au Faza na kadi yako ikaharibika kweli, wewe pia hutaweza kutengenezewa na wakala wa karibu, itakubidi usafiri. Mimi bado nasema jisajili, hasa kama namba hiyo inapokea pesa za biashara au za chama. Kama ni laini ya bando tu, uamuzi ni wako.

*Amenipigia mtu wa Safaricom kunisaidia kurejesha pesa.* Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000. Namba nyingine yoyote, hata ikiwa na sauti tamu na ikakutajia jina la babako, ikate. Walioibiwa mara moja huandamwa tena, kwa kuwa jina na namba ya kitambulisho chako bado viko mikononi mwao.

*Kampuni au benki imekataa malalamiko yangu.* Iombe ikujibu kwa maandishi. Ukiwa na jibu hilo, lalamiko dhidi ya kampuni ya simu hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na la benki kwa Benki Kuu ya Kenya. Ambatisha namba ya OB, taarifa ya miamala, na ile karatasi yenye saa uliyopiga 100. Pigia mstari kila muamala uliotoka baada ya saa hiyo, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya dai lako iliyo ngumu zaidi kukataliwa.